Mafuta ya kukaangia samaki: kuongezea mapya hakuyafufui ya zamani

"Nakaanga sato kila jioni kwenye karai la lita tano, mafuta ya alizeti. Niyarudie mara ngapi kabla ya kuyatupa? Jirani anasema nikiongezea mapya kila siku hayaharibiki."

Ndugu yangu, nilikaanga samaki miaka kadhaa karibu na mwalo wa Kirumba, Mwanza, nami niliufuata ushauri huo huo. Jumatatu nilianza na lita tano, kisha kila siku nikaongezea takribani lita moja kufidia yaliyoondoka na samaki. Ilipofika Alhamisi, povu la vipovu vidogo lilipanda hadi ukingoni na halikushuka hata baada ya kuopoa samaki; karai lilifuka moshi kabla sijatia kitu, na macho yakaniwasha.

Sababu ni hii. Maji ya samaki, yakikutana na mafuta ya moto, huyavunja na kuachia asidi za mafuta, na kadiri asidi hizo zinavyoongezeka ndivyo mafuta yanavyowahi kutoa moshi. Moshi huo una akrolini, ambayo ndiyo huwasha macho na koo. Hewa nayo huyashambulia mafuta yakiwa ya moto na hata yakiwa yamepoa usiku, yakatengeneza peroksidi ambazo, ukiwasha jiko tena, huvunjika na kuwa aldehidi. Baadhi yake ni sumu kwa seli za mwili, na mlaji huzipata kwa sababu samaki hunyonya mafuta. Mabaki mengine huungana yakawa mazito, ndiyo ule utando wa kunata kwenye kingo za karai. Alizeti ya kawaida huathirika upesi kuliko mawese, na mafuta ya samaki mwenyewe, yanayochuruzika karaini, huoza kwa hewa upesi zaidi.

Ndiyo maana kuongezea hakusaidii: unapunguza ukali kwa saa chache, lakini yale ya zamani huharakisha kuharibika kwa mapya. Nchi kadhaa za Ulaya hupima uchakavu huo na kuagiza mafuta yatupwe yanapofika asilimia 24 hadi 27 ya viambata vilivyoharibika. Sisi wa karai hatuna kipimo hicho, kwa hiyo hutazama dalili.

Kwa sato wa biashara, mimi sasa huanza na mafuta machache zaidi, lita tatu, ili yaishe jioni hiyo hiyo. Yakibaki, huyachuja kwa kitambaa yakiwa vuguvugu, nikayafunika mbali na mwanga, na kuyatumia jioni moja tu ya pili. Unga na chumvi viongezwe kwa kiasi na makombo yaopolewe kila mara, kwani yakiungua huyatia weusi. Weusi peke yake, hata hivyo, si hukumu: mafuta yanaweza kuwa meusi kwa sababu ya unga tu, au yakawa bado na rangi yake huku yakitoa moshi mapema. Moshi wa mapema na povu lisiloshuka, hata kimoja kati ya hivyo, hunitosha kuyatupa siku hiyo hiyo, kwenye dumu, si mtaroni unaoelekea ziwani.