Usigawe bakaa kabla hujaona oda zilizo nje

*"Habari wanajukwaa. Nimeteuliwa mjumbe wa bodi ya shule ya sekondari ya kata, kikao changu cha kwanza ni wiki ijayo. Nimepewa taarifa ya fedha ya hadi mwisho wa Aprili, ina mgao, matumizi, bakaa, uhamisho wa kasma. Naombeni maana ya kila neno kwa lugha nyepesi. Halafu naona kasma ya chakula ina bakaa kubwa na mwaka wa fedha unaisha Juni 30, nataka nipendekeze tununue meza na viti."*

Ndugu yangu, hayo ya meza na viti yaache kabisa mpaka umalize kusoma hapa. Bodi niliyokuwamo ilifanya kitu hicho hicho, kwa kasma hiyo hiyo ya chakula, yaani fungu hilo hilo la bajeti, mwezi huo huo wa Mei, na watoto wakakosa chakula cha mchana.

Umetaja mgao, matumizi na bakaa. Hujataja ahadi ya malipo, na najua kwa nini: kwenye taarifa uliyopewa haimo. Hapo ndipo penye shimo.

Mgao ni kiasi ambacho bodi iliidhinisha kitumike kwa jambo fulani ndani ya mwaka, Julai 1 hadi Juni 30. Mgao ni ruhusa tu. Ukiona mgao wa chakula ni milioni 40, maana yake mmeruhusiwa kutumia mpaka milioni 40, haina maana kwamba milioni 40 zimeingia benki. Kama chakula kinaendeshwa kwa michango ya wazazi, zilizoingia ni zile ambazo wazazi wameshalipa, na wazazi wetu unawajua, wengine mchango wa Januari wanaulipa baada ya mavuno.

Ahadi ya malipo ni pesa ambayo bado hamjailipa lakini mmeshajifunga kuilipa. Mkuu wa shule akisaini oda ya ununuzi kwa mzabuni wa mahindi, siku ile ile sehemu ya mgao imeshapata mwenyewe, hata kama hakuna shilingi iliyotoka. Mkataba wa mpishi wa hadi Juni ni ahadi pia. Mzabuni akishaleta mzigo na stoo ikaupokea, ahadi inageuka kuwa deni. Mkilipa, ndipo inakuwa malipo.

Matumizi ndilo neno la kuogopa, kwa sababu kila mhasibu analijaza anavyotaka yeye. Kuna anayeandika malipo yaliyotoka benki peke yake. Kuna anayeandika malipo pamoja na madeni ya mizigo iliyokwisha kupokelewa. Taarifa mbili za shule moja, mwezi mmoja, zinaweza kuonyesha matumizi tofauti na zote zikawa sahihi. Kwa hiyo swali lako la kwanza kikaoni liwe hili: "Safu hii ya matumizi ni malipo tu, au na mizigo tuliyopokea na hatujalipia?"

Sasa nikupe yaliyotupata sisi. Tarakimu nazikata ziwe kamili ili uzishike.

Taarifa ya Aprili ilisema hivi: chakula, mgao milioni 40, matumizi milioni 24, bakaa, yaani mgao toa matumizi, milioni 16. Mhasibu akasimama, akasema kasma ya chakula iko vizuri, tuna milioni 16 na miezi miwili imebaki, na shule zinafunga mapema Juni. Mwenyekiti akauliza kama kuna mwenye hoja. Mjumbe mmoja akasema madarasa mawili ya kidato cha kwanza watoto wanakaa watatu watatu kwenye kiti cha wawili. Tukapitisha milioni 9 zihamie samani. Kikao kikaisha mapema, tukanywa soda.

Ambacho hakikusemwa: mwezi Februari ilitoka oda ya mahindi na maharage ya milioni 12 kwa mzabuni mmoja. Hadi siku ile tuliyokaa alikuwa ameshaleta mzigo wa milioni 7, hajalipwa hata senti. Mzigo wa milioni 5 ulikuwa njiani. Hiyo milioni 12 yote haikuonekana popote, kwa sababu mhasibu wetu alikuwa anaandika malipo ya benki tu.

Piga hesabu mwenyewe. Mgao 40, toa malipo 24, toa ahadi na deni 12, inabaki 4. Hiyo ndiyo bakaa ya kweli, na sisi tulihamisha 9.

Na hata hiyo 4 ilikuwa ya kwenye karatasi. Michango iliyokuwa imeingia hadi Aprili ni milioni 34, si 40. Toa 24 zilizolipwa, benki tulikuwa na milioni 10. Fundi samani akalipwa 9, ikabaki 1. Mzabuni akaja kudai milioni 7 zake. Akaambiwa asubiri. Naye akafanya ambacho ningefanya mimi: ule mzigo wa milioni 5 uliokuwa njiani akaugeuza akauuza kwingine. Wiki ya tatu ya Mei stoo ikaisha.

Kwenye mkutano wa wazazi hakuna aliyeuliza habari za safu za taarifa. Mama mmoja alisimama na risiti yake ya mchango mkononi, amelipa yote, akauliza mwanawe analala njaa darasani kwa kosa gani. Ile milioni 7 ililipwa kwa michango ya Julai, yaani mwaka mpya wa fedha ulianza ukiwa umeshaliwa kabla watoto hawajaonja chakula chake.

Mhasibu alipobanwa alijibu kwamba taarifa ilikuwa sahihi, kila malipo yana hati. Kweli, zilikuwepo. Lakini alijua bodi nzima inasoma neno "bakaa" kama pesa ya bure, na oda alikuwa nayo kwenye faili lake mwenyewe, akanyamaza. Hilo mpaka leo linanikera. Na aliyetufundisha kwenye semina ya wajumbe wapya ndiye aliyetupa kanuni ya "mgao toa matumizi", akatuandikia ubaoni, tukainakili. Ahadi hakuitaja hata mara moja. Mjumbe mpya anatoka pale akiamini ameelewa, na hapo ndipo hatari inapoanza.

Kuna dalili ambayo ingetuokoa bila utaalamu wowote, na wewe unaweza kuitafuta leo usiku kwenye karatasi zako. Tazama malipo ya chakula mwezi kwa mwezi. Yetu yalikuwa na Januari, yana Februari, halafu Machi na Aprili hakuna kitu. Wanafunzi wapatao 600 walikuwa wanakula kila siku ya masomo, na kasma haikusogea miezi miwili. Chakula hicho kilikuwa kimetoka wapi? Kasma ambayo kazi yake inaendelea kila siku huku malipo yake yamesimama haina akiba, ina deni lililojificha. Ukiona umeme, chakula au ulinzi umetulia hivyo, usifurahi.

Kwa hiyo kabla ya kikao omba orodha ya oda zilizo nje. Iwe na tarehe ya oda, jina la mzabuni, thamani, kiasi kilichopokelewa, kiasi kilicholipwa, kilichobaki. Kama shule inanunua kupitia NeST, ule mfumo wa serikali wa ununuzi kwa mtandao, oda zimo humo. Usiridhike na orodha peke yake: iweke kando ya leja ya stoo. Mahindi yaliyoingia stoo na hayana malipo ni deni, hata kama ankara ya mzabuni bado haijafika ofisini. Mtunza stoo ndiye mtu wa kuongea naye, kwa heshima, na kwa kumpitia mkuu wa shule, usije ukaonekana unafanya upelelezi.

Tahadhari moja, maana nimeona bodi nyingine ikikosea upande wa pili. Baada ya kuambiwa waongeze safu ya ahadi, mhasibu wao aliiongeza, lakini mzabuni alipolipwa hakuipunguza. Chukua hesabu zetu zile zile, kabla ya kugusa samani. Milioni 7 zikilipwa, malipo yanakuwa 31 na ahadi inapaswa kushuka kutoka 12 hadi 5. Arobaini toa 31 toa 5 ni 4, ile ile ya mwanzo, kwa sababu kulipa ahadi hakubadilishi bakaa ya kweli. Ukiiacha ahadi 12 kama walivyofanya wao, unapata hasi 3; ndivyo walivyosimamisha manunuzi bure huku pesa ipo. Kwa hiyo bakaa ikishuka ghafla mwezi ambao hakuna oda mpya iliyotoka, uliza kama kuna mzigo uliohesabiwa mara mbili. Na oda ya zamani ambayo mzabuni hataileta tena ifutwe kwa maandishi, vinginevyo inashikilia mgao mpaka mwisho wa mwaka.

Kuhusu uhamisho wa kasma: ni kutoa ruhusa ya matumizi kwenye jambo moja na kuipeleka kwenye jingine. Michango ya chakula ina ugumu wake, wazazi waliichanga wakiambiwa ni ya chakula. Kuipeleka kwenye samani bila kurudi kwao ni ugomvi hata pale bakaa inapokuwa ya kweli. Sisi hatukurudi kwao.

Na usikubali kukimbizwa na Juni 30. Watu watakwambia pesa isipotumika itapotea. Uliza kwanza ni pesa gani: ya serikali ina taratibu zake za kufunga mwaka, lakini michango ya wazazi iliyo kwenye akaunti haiyeyuki saa sita usiku. Oda itakayokuwa wazi siku hiyo nayo haifi, mzabuni ataileta Julai na italipwa kwa mgao mpya. Bajeti ya mwaka ujao ianze kwa kuitoa hiyo.

Weka hapa jukwaani zile safu za chakula, bila jina la shule wala la mtu: mgao, michango iliyoingia, malipo ya kila mwezi, na oda zilizo nje ukishazipata. Nitakupigia hesabu kabla ya kikao. Mpaka hapo, hoja ya samani isiingie kwenye ajenda.