Usinunue monita nyingine: herufi zenye ukungu kwenye Ubuntu zinatibika

Msomaji mmoja ameniandikia: laptopu yake inaonyesha maandishi safi kabisa, lakini akichomeka monita ya kazini herufi zinafifia kingo, na kufikia mchana macho yanamuuma. Ameambiwa anunue monita ya 4K. Namjibu hapa kwa sababu ushauri huo wanapewa wengi, na mara nyingi monita haina kosa lolote.

Tuchukue vifaa vyake. Laptopu ni ya inchi 13.3 yenye pikseli 2560 kwa 1600, yaani karibu pikseli 227 kwa kila inchi. Monita ni ya inchi 24, pikseli 1920 kwa 1080, ambazo ni kama 92 kwa inchi. Anatumia Ubuntu 24.04. Kwenye skrini ya 227, kosa la nusu pikseli hulioni. Kwenye skrini ya 92 unaliona mara moja. Mguu wa herufi "l" katika maandishi ya kawaida una upana wa pikseli moja na kitu. Ukichorwa moja kwa moja kwa ukubwa wake wa mwisho, unapata mstari mweusi uliosimama wima. Ukichorwa kwanza kwa ukubwa mwingine halafu picha ikabanwa, wino ule ule unagawanywa kwenye pikseli mbili au tatu za kijivu. Huo ndio ukungu wenyewe. Kwa hiyo kazi yetu ni moja: kwenye monita ya nje, pasiwe na kitu kinachobana au kutanua picha baada ya herufi kuchorwa.

Anza kwa kuangalia uko kwenye mfumo gani wa kuchora:

```
echo $XDG_SESSION_TYPE
```

Jibu likiwa `x11`, hapo ndipo tatizo lilipo. X11 haijui kumpa kila monita kipimo chake cha ukuzaji. Ukiweka 200% kwa ajili ya laptopu, monita ya nje nayo inapata 200% na kila kitu kinakuwa kikubwa kupita kiasi. Watu hupewa dawa hii:

```
xrandr --output HDMI-1 --scale 2x2
```

Amri hii inafanya kazi, na ndiyo inayoleta ukungu. Kompyuta inachora eneo la pikseli 3840 kwa 2160, kisha inalibana liingie kwenye 1920 kwa 1080. Kila pikseli nne zinachanganywa kuwa moja, na ule mguu wa "l" hauna tena nafasi ya kukaa sawasawa juu ya safu moja. Tafadhali acheni kuisambaza kana kwamba ndiyo suluhisho.

Suluhisho ni kuhamia Wayland, mfumo mwingine wa kuchora unaompa kila monita kipimo chake. Toka kwenye akaunti yako, bofya jina lako, kisha kabla ya kuandika nywila bofya alama ya gia pembeni chini na uchague "Ubuntu", si "Ubuntu on Xorg". Ukiingia, fungua Settings, nenda Displays, weka laptopu 200% na monita ya nje 100%. Kitufe cha Fractional Scaling kiache kimezimwa.

Hapo wengi husita: 100% si itakuwa ndogo mno? Piga hesabu. Laptopu ya 227 ikigawanywa kwa mbili inakuwa kama 113. Monita ni 92. Maana yake, herufi ile ile kwenye monita ya nje inatoka kubwa kwa karibu robo kuliko kwenye laptopu. Na kwa kuwa monita hukaa mbali kidogo na macho, tofauti hiyo inafaa kabisa.

Kama bado unaziona ndogo, usikimbilie 125%. Kwa kipimo hicho, programu nyingi, hasa zilizojengwa kwa GTK3, haziwezi kuchora kwa robo. Zinachora kwa mara mbili, halafu mfumo unabana. Kwenye monita yetu dirisha lililojaa skrini linachorwa kwa pikseli 3072 kwa 1728, kisha linashushwa hadi 1920 kwa 1080, yaani kugawanya kwa 1.6. Hakuna mstari mwembamba unaosalimika hapo. Badala yake kuza maandishi yenyewe:

```
gsettings set org.gnome.desktop.interface text-scaling-factor 1.15
```

Tofauti ni kubwa. Amri hii haigusi picha, inaagiza tu herufi zichorwe kwa ukubwa mwingine tangu mwanzo. Herufi ya pointi 11, ambayo ni kama pikseli 15, inakuwa kama 17, na zote ni pikseli halisi. Gharama yake ni kwamba inazigusa skrini zote mbili, na ukipita 1.25 vitufe vya baadhi ya programu huanza kubana maandishi. Kwa programu moja tu, kama kihariri cha msimbo, ni bora upandishe fonti humo humo, kwa mfano kutoka 14 hadi 16.

Baada ya hapo utakuta dirisha moja au mawili bado yanakosea: ama ukubwa haufai, ama yana ukungu kwenye mojawapo ya skrini. Hayo ni ya programu ambazo bado zinapita njia ya X11 ndani ya Wayland, nazo hupewa kipimo kimoja kwa skrini zote. Zitambue kwa amri hii, iliyo ndani ya kifurushi cha `x11-utils`:

```
xlsclients
```

Kila jina linalotokea ni la programu ya namna hiyo. Zile zilizojengwa kwa Electron nyingi zinahama ukiziambia, mfano:

```
code --ozone-platform=wayland
```

Ikikubali, nakili faili lake la `.desktop` kutoka `/usr/share/applications` hadi `~/.local/share/applications`, kisha ongeza maneno hayo kwenye mstari wa `Exec`. Programu isiyokubali kuhama, iweke kwenye skrini inayoonekana vizuri na uiache huko.

Kabla ya kufunga kazi, hakiki kwamba monita yenyewe haibani picha. Ukiwa na ImageMagick, tengeneza picha ya drafti ya pikseli moja moja:

```
convert -size 800x400 pattern:gray50 jaribio.png
```

Ifungue kwa 100% kwenye monita ya nje na uisogelee, au ipige kwa kamera ya simu kwa karibu sana. Ukiona vidoti vyeusi na vyeupe vilivyopangika sawa, njia yote ni safi. Ukiona kijivu kitupu, au mawimbi na mistari minene inayojirudia, kuna mahali picha inabanwa. Angalia kwanza kama Resolution ni 1920 × 1080 kweli.

Kama unatumia televisheni badala ya monita, shaka yangu ya kwanza ni televisheni. Nyingi hukata kingo za picha na kuitanua ijaze kioo, kwa hiyo tafuta kwenye menyu yake chaguo kama "Just Scan" au "Screen Fit". Nyingine hupunguza taarifa za rangi, na dalili yake ni maandishi mekundu juu ya weusi kuchafuka huku meusi juu ya weupe yakiwa sawa. Kubadili jina la mlango wa HDMI kuwa "PC" mara nyingi hurekebisha hilo. Na kama waya ni VGA kupitia adapta, bonyeza kitufe cha kujirekebisha cha monita huku ile picha ya drafti ikiwa imefunguliwa. Mawimbi yasipotulia, badili waya kwanza, uweke HDMI au DisplayPort, ndipo urudi kwenye mipangilio.