Mwezi ulio gizani haujaandama

*Swali: Mwalimu, shikamoo. Programu ya simu yangu huandika "mwezi mpya" leo mchana, halafu jioni msikitini tunaambiwa mwezi haujaandama. Je, kuandama, kuzaliwa na kuonekana ni kitu kimoja? Msomaji, Mafinga.*

Marahaba. Si kitu kimoja, na anayetuvuruga ni huyo "mwezi mpya".

Andama ni kufuata. Humo ndimo tulimopata andamana na maandamano. Mwezi ukishaandama, mmoja umekwisha na mwingine umeufuata. Tunalisema hilo jioni, tukitazama magharibi, hilali inapojitokeza baada ya jua kuzama. Neno lenyewe limebeba saa na upande wa kutazama.

"Mwezi mpya" halina lolote kati ya hayo. Limenyofolewa kwenye Kiingereza neno kwa neno, na kila mtu analielewa lake. Karani wa mshahara analisikia tarehe mosi. Wanaanga wanakusudia ile nukta mwezi unapopita upande wa jua, uso wake uliomulikwa ukiwa umetupa kisogo. Msikitini linasikika kama hilali. Redio moja niliisikia ikitangaza kwamba mwezi mpya umetokea saa 6 mchana, "hivyo umeandama". Umetokea wapi? Saa hiyo mwezi uko gizani, na wazee wetu walikuwa na jina la siku hizo: giza la mwezi. Kuita giza kuandama ni kulipatia neno maana iliyo kinyume chake.

Chukua Machi 10, 2024, kuelekea Ramadhani ya mwaka 1445. Jua na mwezi vilikutana, yaani ile nukta ya wanaanga, saa 6 mchana kwa saa zetu. Hapa Iringa jua huzama kabla kidogo ya saa 1 jioni wakati huo wa mwaka, kwa hiyo tangu kukutana zilikuwa hazijatimia saa 7. Kwa wastani mwezi huliacha jua nusu digrii kila saa. Mwanaanga Mfaransa André Danjon alionyesha, katika miaka ya 1930, kwamba ukiwa chini ya digrii 7 hivi kutoka kwenye jua, ule ukingo mwembamba unakatika na hakuna cha kuonwa. Jioni ile mwezi wetu ulikuwa haujafika hapo. Hata ungepanda Gangilonga, lile jiwe la Wahehe "linalosema", mbingu ikiwa nyeupe kabisa, usingeuona.

Kesho yake nilipanda. Zilikwisha pita saa 30 na ushei. Mji ulikuwa chini yetu, mawingu yamepasuka kidogo, na dakika chache baada ya jua kuzama kijana mmoja akanyoosha kidole: "Ule!" Ulikuwa mwembamba, pembe zake zikitazama juu kama mashua, kama unavyolala huku kwetu karibu na ikweta. Huo ndio uliokuwa umeandama.

Sasa utauliza, mbona Saudia walianza kufunga Machi 11? Walitangaza kwamba umeonekana jioni ya tarehe 10. Nayo kalenda yao ya Ummul-Qura, ambayo ni ya hesabu, haidai jicho: inatosha jua na mwezi viwe vimekutana kabla ya jua kuzama Makka, na mwezi uzame baada ya jua. Masharti hayo mawili yalitimia, hata kama ukingo wenyewe haukuwa wa kuonwa. Uturuki nao hufuata hesabu. Hesabu hizo si za kubahatisha. Saa ya kukutana hujulikana miaka mingi mbele. Anayedai hilali ionwe naye hakatai hesabu. Anauliza swali jingine: je, mtu ameiona? Hesabu inaweza kumsaidia hapo, maana shahidi akiapa ameuona mwezi ulio digrii 5 kutoka kwenye jua, una haki ya kumuuliza alichokiona ni nini. Ila haiwezi kukuhakikishia kwamba jioni ya kesho wingu halitaziba kilima.

Mwezi wa Hijria ni siku 29 au 30, maana mzunguko wenyewe ni siku 29 na nusu na kidogo. Khalifa Umar alipouanzisha mwaka huo kuhesabiwa tangu Hijra ya 622, hiyo miezi ilikuwa ya zamani tayari; kipya kilikuwa namba ya mwaka.

Kwa hiyo, msomaji wangu, mchana ule andika "jua na mwezi vimekutana". Jioni hilali ikijitokeza magharibi, "mwezi umeandama". Mtu akiiona kwa jicho, "mwezi umeonekana". Wingu likiuziba, waweza kuwa umeandama na usionekane, na hapo wenye kufuata jicho hukamilisha thelathini. "Mwezi umezaliwa" nitalivumilia kwa wanaanga, maana mtoto aliyezaliwa si lazima awe ametolewa nje. "Mwezi mpya" waachieni wenye mishahara.