Baba yako hajamkataa Mchaga

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni binti wa miaka 28, Mgogo wa Mvumi, ni mwalimu hapa Dodoma mjini. Mchumba wangu ni Mchaga wa Rombo mwenye duka la vifaa vya ujenzi, na huu ni mwaka wa tatu tuko pamoja. Mwezi wa pili alipeleka barua ya posa nyumbani kupitia rafiki yake wa dukani, pamoja na bahasha ya shilingi laki tano. Baba aliirudisha siku ileile, akasema hawezi kumwoza binti yake kwa Wachaga, kwamba watanipeleka mlimani na siku nikifa hata kaburi langu hatalijua. Kaka yangu ameoa Msukuma na baba hakusema neno. Mchumba wangu anasema mzee anataka kupandisha bei, kwa hiyo twende bomani tufunge ndoa kimya kimya, baba atatulia akimwona mjukuu. Wazazi wake bado hajawaambia kwa sababu wako mbali, ila anasema hawana shida. Tangu mwezi wa tatu sipokei simu za baba. Sitaki kumpoteza mchumba wangu, na sitaki kupoteza kwetu. Nifanye nini na mzazi mwenye ukabila? Binti wa Mvumi.*

Marahaba, binti yangu. Pole kwa kuwekwa katikati ya watu wawili unaowapenda. Pole hiyo inatosha, kwa sababu barua yako nimeisoma mara tatu, na kila nilipoisoma nilizidi kumwelewa mzee wako.

Unamwita baba mwenye ukabila, na papo hapo unaniambia nyumbani kwake yumo mkwe Msukuma anayekula naye sufuria moja. Ni kweli kwamba kupokea mke si sawa na kutoa binti. Aliyepokea ameongezewa mtu, aliyetoa amepungukiwa, kwa hiyo mtu aliyekuwa mpole kwa mwanawe anaweza kuwa mkali kwa binti yake. Lakini huo si ukabila. Hiyo ni hofu ya baba, na hofu hujibiwa tofauti na chuki. Alikosea kuwasema Wachaga wote kwa mkupuo, na hilo simtetei. Hata hivyo neno lililobeba uzito katika kauli yake si "Wachaga". Ni "kaburi".

Hebu iangalie posa yenyewe kwa macho ya mwenye nyumba. Mwezi wa pili, mtu wa Mvumi yuko kwenye palizi. Uwele na mtama viko shambani, ghala la mwaka jana linakaribia kufagiliwa, na mzee ametoka kwenye jembe akiwa na njaa na matope miguuni. Anafika kijana asiyemfahamu, rafiki wa mwenye duka, hana mzazi nyuma yake, hajui hata kuitikia "mbukwenyi", anatoa barua na bahasha. Hakusema ametumwa na nani wa Rombo, na hakuweza kusema, kwa sababu huko Rombo hakuna anayejua. Ningekuwa mimi, bahasha hiyo ningeirudisha kabla hajakaa.

Mchumba wako anadhani ilirudishwa kwa sababu ilikuwa nyembamba. Hapo ndipo amepotea kabisa, na nadhani na wewe umepotea naye, ingawa wewe ulizaliwa humo. Kwa Wagogo, mahari ni ng'ombe na mbuzi, na wanyama hao hawaishii kwenye zizi la baba. Upande wa baba una haki yake, na upande wa mama, yaani mjomba wako, una haki yake. Kila anayepokea mnyama anakuwa ameshuhudia ndoa ile, na siku mkigombana atalazimika kuja kuamua. Bahasha haina mguu wa mjomba wala ubavu wa baba mkubwa. Angeipokea peke yake, ndugu wangesema amemuuza binti gizani. Kwa hiyo kauli kwamba mzee anapandisha bei ni tusi, na linatoka kwenye ghala lilelile la matusi ambamo Wagogo wote huitwa ombaomba. Nina wasiwasi kwamba aliposema hivyo hukumkemea, labda hata ulicheka. Kama ulicheka, usicheke tena.

Kuna jambo ambalo vijana wa mjini hamlijui kwa sababu mnakula kutoka dukani. Nchi yetu hii ya kati ni ya mvua chache. Wazee walirithishwa simulizi ya mtunya, njaa iliyoanza mwaka 1917 na kuendelea hadi 1920, baada ya majeshi ya vita vya Wazungu kuchukua mifugo na nafaka na kisha mvua kukata. Katika nchi ya namna hiyo, mkwe ni mlango wa kubisha mwaka unapokuwa mbaya, mtu unayekwenda kuhemea kwake bila aibu kwa sababu ng'ombe zake ziko kwako na binti yako yuko kwake. Mzee akiuliza wakwe ni akina nani na wanakaa wapi, anauliza kama mlango huo upo. Ninyi mkampelekea bahasha isiyo na mlango.

Sasa nizungumzie linalonisumbua kuliko yote, nawe umelipitisha kwa mstari mmoja. Miaka mitatu, na wazazi wa Rombo hawajaambiwa kwa sababu wako mbali! Barabara ya Kondoa na Babati ina lami hadi Arusha, na Mchaga mwenye duka ni nadra asipande kwao Desemba. Amepanda mara ngapi tangu mjuane? Anajuaje kwamba hawana shida na jambo wasilolijua? Inawezekana familia yenye pingamizi si ya Mvumi peke yake, na kijana anakimbilia bomani ili asipambane na mama yake mwenyewe. Simhukumu, huenda ni mwoga tu kama wanaume wengi walivyo mbele ya mama zao. Lakini kabla hujamtaka baba yako abadilike, mtake mchumba wako apige simu moja nyumbani ukiwa umekaa karibu naye. Akiwaambia na wakaguna, mna kazi mbili badala ya moja, na zote zinafanyika. Akitafuta sababu hadi mwezi upite, niandikie tena, nami nitakujibu barua tofauti kabisa na hii.

Akiwaambia, fanyeni hivi. Wewe ndiye msemaji kwenu na yeye ndiye msemaji kwao, na hakuna kuvuka mpaka huo. Maneno makali ya baba yako usimpelekee mchumba yakiwa mabichi, naye asikuletee ya mama yake, kwa sababu nyinyi mtasameheana kesho lakini yeye atamkumbuka mzee kwa neno alilolisikia kutoka kinywani mwako. Mkiulizwa, kila upande usikie jibu moja: tumeamua kuoana, na tunataka tuoane mkiwepo. Msitofautiane hata kwa tarehe.

Kisha nenda kwa mjomba wako, peke yako, na uende mwenyewe badala ya kupiga simu. Yeye hakuulizwa mara ya kwanza, na mjomba asiyeulizwa huwa na sababu elfu. Mimi nimeolewa kwa Wanyaturu, na mjomba wangu mmoja alisahauliwa mbuzi wake. Kwa miaka kumi na moja hakukuwa na msiba wala ubatizo ambao hakuutaja mbuzi yule. Mweleze mjomba kila kitu, pamoja na kosa la bahasha, na umwombe amfikishie baba ombi moja tu: akubali kuwapokea wazee kutoka Rombo. Asiombe ndoa, aombe kikao. Baba anaweza kukataa ndoa mara kumi, lakini ni vigumu kukataa wageni wazima waliosafiri siku nzima.

Kikao kiwe baada ya mavuno, mwezi wa saba au wa nane, watu wakiwa wameshiba na wana nafasi. Waje watu wazima watatu au wanne, baba wa mchumba au baba yake mkubwa akiwemo, na mbele yao atangulie mshenga anayejua Kigogo na anayeheshimika Mvumi, hata akiwa mzee wa kanisa. Mchumba wako akae kimya na kusikiliza. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, nayo haimdhuru. Wakifika kwenye mahari, wakubaliane kwanza kwa hesabu ya ng'ombe na mbuzi, ndipo wazungumze wangapi watatolewa wakiwa hai na wangapi watageuzwa fedha. Kila kitu kiandikwe na kusainiwa na pande zote, kwa sababu Rombo na Mvumi hawatakutana kila wiki kukumbushana.

Na suala la kaburi lisikwepwe. Wachaga huzika kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo kule mlimani, na baba yako analijua hilo vizuri. Mchumba wako aamue pamoja na wewe kabla ya kikao mtajenga wapi, watoto watakwenda Mvumi mara ngapi kwa mwaka, na ikitokea umetangulia, nani atapewa taarifa kwanza na nani atakaa kwenye uamuzi. Mzee wa Rombo aseme mbele ya baba yako kwamba hutazikwa kabla ndugu zako hawajafika. Neno hilo moja linaweza kuwa na thamani kuliko ng'ombe watano.

Baada ya yote hayo, baba anaweza bado kusema hapana. Una miaka 28, na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haihitaji ridhaa yake kwa mtu wa umri wako. Haihesabu kabila kuwa kizuizi, na ndoa haibatiliki eti kwa sababu mahari haikutolewa kama desturi inavyotaka. Mnatoa taarifa ya nia ya kuoana angalau siku 21 kabla. Siku hizo 21 zitumieni vizuri: nenda Mvumi mwenyewe ukamwambie baba tarehe na mahali, umwachie kiti, na ng'ombe waliokubaliwa kwa mjomba wapelekwe hata asipohudhuria. Hiyo ni tofauti na kimya kimya. Aliyeambiwa akakataa kuja anaweza kuja mwaka ujao bila aibu, lakini aliyefichwa hana njia ya kurudi. Na habari ya kumtanguliza mjukuu iacheni. Mtoto si mshenga.

Hayo yote ni ya baadaye. Leo jioni mpigie baba, maana ndiye amekuwa akikupigia miezi yote hii na wewe ndiye uliyekata uhusiano. Usitaje posa wala Rombo. Muulize uwele umetokaje mwaka huu, kisha muulize mgongo wake unaendeleaje, na akinyamaza kwenye simu, subiri naye.