MCV sawa, RDW juu

"Nina mimba ya miezi sita. Hb 9.4, MCV 88, RDW 19.6. Nimeambiwa chembe zina ukubwa wa kawaida, sasa hiyo RDW inasemaje?"

Pole dada. Hiyo MCV 88 ni wastani tu wa ukubwa wa chembe nyekundu za damu. Ukichanganya dagaa na sangara kapu moja, wastani wa urefu utakupa samaki ambaye hata hayumo kapuni. RDW ndiyo inayoonyesha ukubwa wa chembe unavyotofautiana, na maabara nyingi huweka mwisho wa kawaida kwenye 14.5 hivi.

Aliyeandika hapo juu kwamba ni upungufu wa madini ya chuma yuko sahihi nusu. Chuma kikianza kupungua, chembe ndogo mpya huchanganyika na za zamani, ambazo huishi siku 120 hivi, kwa hiyo RDW hupanda kabla MCV haijashuka. Lakini kwa damu pungufu ya Hb 9.4 na mimba, mimi nawaza chuma na foliki asidi, au vitamini B12, vimepungua pamoja: upungufu wa chuma hufanya chembe ziwe ndogo, ule mwingine huzikuza. Omba damu iangaliwe kwa darubini. Chembe ndogo zilizopauka zikionekana pamoja na kubwa za umbo la yai, jibu linakaribia. Pima pia feritini, yaani akiba ya chuma, na B12.

Je, umeongezewa damu, au umeanza vidonge vya chuma karibuni? Hivyo navyo hupandisha RDW.

Na wewe kaka mwenye selimundu uliyeandika hapo juu, RDW yako inaweza kupanda kwa ugonjwa wenyewe, usijilinganishe na dada huyu.