Kijana mwenye kifafa akitaka kufunga: kidonge cha alfajiri ndicho cha kulinda

"Wakuu, mimi ni mama, tupo Mbeya. Mwanangu wa kiume ana miaka 15, ana kifafa, anameza kabamazepini ya miligramu 200 kidonge kimoja saa 1 asubuhi na kimoja saa 1 usiku. Ana miezi 11 hajaanguka. Ramadhani hii anataka kufunga kama wenzake. Cha asubuhi aruke, au ameze viwili kwa pamoja baada ya futari?"

Dada yangu, yote mawili hapana. Akiruka cha asubuhi, kutoka kidonge cha usiku mmoja hadi usiku wa pili zinapita saa 24. Kwa mtu aliyekwisha kuizoea kabamazepini, nusu ya dawa huondoka mwilini ndani ya saa 12 hadi 17 hivi, kwa hiyo alasiri atakuwa na dawa kidogo mno ya kumkinga. Akimeza viwili kwa pamoja, usiku anaweza kupata kizunguzungu, kuona vitu viwiliviwili, kuyumba na hata kutapika, halafu kesho yake jioni dawa itakuwa imeshuka vilevile. Vidonge vyake vinabaki viwili kwa siku. Kinachohama ni saa tu, tena cha asubuhi peke yake.

Tazama saa za huku kwetu. Ramadhani inapoangukia Februari na Machi, alfajiri ya Mbeya huingia karibu saa 11:30, na Magharibi huingia kama saa 1:00 hadi 1:15 usiku. (Msifuturu kwa adhana ya redio ya Dar. Jua la Mbeya huchelewa kuzama kwa zaidi ya dakika 20 ukilinganisha na la kule.) Maana yake kidonge cha usiku karibu kiko mahali pake tayari. Atakimeza kwenye futari, saa 1:10 hivi, na chakula kidogo kikiwa tumboni. Cha asubuhi ndicho kinachotoka saa 1 na kurudi nyuma hadi saa 11 alfajiri, wakati wa daku.

Usikirudishe saa mbili kwa siku moja. Anza siku kama 10 kabla ya mwezi kuandama: siku ya kwanza saa 12:30, ya pili saa 12 kamili, ya tatu saa 11:30, ya nne saa 11. Siku zinazobaki aendelee na saa hizo mpya huku akila mchana kama kawaida. Hilo ndilo jaribio, na usilipuuze hata kama kijana anaona unamchelewesha. Ukiona mkono unashtuka wenyewe, anaduwaa katikati ya maneno, au anapata ile dalili yake ya kawaida kabla ya kuanguka, hasa kati ya saa 9 alasiri na Magharibi, mwili unakwambia pengo la mchana limekuwa refu mno kwake. Hapo suala la kufunga mwaka huu linarudi kwa daktari kabla ya Ramadhani kuingia.

Pengo lenyewe ni hili: zamani lilikuwa saa 12 kwa 12. Sasa kutoka saa 11 alfajiri hadi saa 1:10 usiku ni saa 14 na dakika 10, na usiku linabaki saa 9 na dakika 50. Kijana aliyetulia kwa miezi 11 kwa dawa moja mara nyingi hulivumilia, ila amwone daktari wa kliniki yake kwanza, kwa sababu upo uwezekano wa kumbadilishia kabamazepini inayoachia dawa polepole, ambayo hulijaza pengo hilo vizuri zaidi. Akipewa hiyo, asiitafune wala kuisaga. Na mchukue dawa za kutosha mwezi mzima mapema, msije mkakwama katikati ya kumi la mwisho.

Kingine kinachowaangusha wengi ni kukosa usingizi. Kukosa usingizi peke yake kunaweza kuleta degedege kwa mwenye kifafa, hata dawa ameimeza sawasawa. Kijana akirudi tarawehe saa 3:30, akakaa na simu hadi saa 5, kisha akaamshwa saa 10 usiku, amelala saa tano. Mpangie hivi: alale saa 3:30, aamke saa 10:30, na akirudi shule alale tena kwa muda wa saa moja. Ikibidi asali Isha nyumbani na tarawehe aende siku ambazo kesho yake si ya shule. Daku liwe chakula cha kweli, ugali na maharage au kande, na maji ya kutosha, si chai na andazi.

Sasa lile la kumwambia kabla, mkiwa mmekaa wawili kwa utulivu: siku akipitiwa na usingizi, akaamka saa 1 asubuhi bila kidonge, anameza papo hapo kwa maji na siku hiyo hakufunga. Ataikidhi baadaye. Aya ya 185 ya Suratul Baqara inampa mgonjwa ruhusa hiyo waziwazi. Vijana huficha, huona haya wenzao wasijue, wakasubiri hadi futari. Mwanao ajue kwamba hutamgombeza kwa kumeza. Akitapika ndani ya nusu saa baada ya kumeza, arudie kidonge.

Akianguka mchana, mlaze ubavu, mlegezee nguo shingoni, usimtie kijiko, maji wala kidonge mdomoni. Tazama saa. Zikipita dakika 5, au likimshika la pili kabla hajazinduka, ni hospitali moja kwa moja. Akishazinduka, hata kama ni dakika 3 tu, funga ya siku hiyo imekwisha na ya kesho inasubiri neno la daktari.

Wako ambao mpangilio huu si wao: anayemeza dawa mara tatu kwa siku, anayetumia dawa mbili au zaidi za kifafa, aliyebadilishiwa kipimo majuzi, aliyeanguka ndani ya miezi michache iliyopita, na aliyewahi kupata degedege lisilokatika. Hao wasifunge. Anayetumia fenobabitoni ya usiku mara moja ana nafuu, kwa kuwa hukaa mwilini siku kadhaa na saa yake haigongani na funga, lakini asiiache ghafla hata kidogo, kwani kuiacha ghafla huleta degedege mfululizo. Na wenye kisukari cha insulini, wasiyachukue maelezo haya kama yao. Insulini ya muda mrefu haiachwi kwa sababu ya kufunga, na kipimo chake hupangwa na daktari peke yake.

Siku ya Idi usilale ukadhani yamekwisha. Hakuna daku, hakuna wa kumwamsha, kijana analala hadi saa 3, kidonge cha saa 11 kimepita, na mwili una mwezi mzima wa usingizi pungufu. Weka kengele ya saa 11 asubuhi hiyo, ameze, arudi kulala. Kuanzia kesho yake sogeza mbele nusu saa kila siku, na siku ya nne atakuwa amerudi saa 1 yake ya zamani.