Maswali na majibu: Mchezo ni nini hasa?

Mwanafalsafa Ludwig Wittgenstein alisema hakuna sifa moja iliyomo katika michezo yote; inafanana tu kama watu wa familia moja, na huo aliuita mfanano wa kifamilia. Barua zenu zinambishia.

"Naomba fasili kamili ya mfanano wa kifamilia, kwa masharti ya lazima na ya kutosha. Nina mtihani."

Lisome tena swali lako, polepole.

"Mimi naona kila mchezo una kushinda na kushindwa. Wittgenstein aliwezaje kukosa jambo la wazi namna hii?"

Hakulikosa, alilitazama. Mchukue mtoto anayerusha mpira ukutani na kuudaka. Ukimponyoka anauokota na kuurusha tena. Hana mpinzani, hahesabu, na akichoka anaondoka zake. Anacheza, na hakuna atakayekubishia ukisema hivyo. Kwa hiyo kushinda na kushindwa si sharti la lazima. Sasa geuka upande wa pili: kesi mahakamani ina mshindi na aliyeshindwa, zabuni na uchaguzi pia, wala hatuviiti michezo isipokuwa kwa kejeli. Basi si sharti la kutosha pia. Fasili moja imepigwa pande zote mbili kwa mifano ya kila siku.

Najua utakalojibu, maana barua za namna hii nimezipokea nyingi: "Mtoto yule anashindana na nafsi yake." Hapo ndipo ninapochoka. Ukiruhusu hilo, anayefagia anashindana na vumbi na anayelala anashindana na uchovu. Hujaiokoa fasili, umelivuta neno "kushindana" hadi likapoteza umbo. Dalili ya ujanja huu ni rahisi kuiona: fasili haibadiliki hata herufi moja, ila neno mojawapo ndani yake limeanza kubeba kila kitu.

Jaribu sifa nyingine uone. Burudani? Bingwa wa sataranji anayetoka jasho mbele ya saa haburudiki hata kidogo. Ustadi? Upo kwenye sataranji na upo kwenye tenisi, lakini si ustadi wa aina moja, na katika kurusha dadu haupo kabisa. Ukitoka michezo ya ubao kwenda ya karata, mambo kadhaa yanabaki na mengine yanadondoka. Ukifika ya mpira, baadhi ya yaliyodondoka yanarudi. Hicho ndicho alichokiita mfanano wa kifamilia: huyu ana pua ya babu, yule ana mwendo wake, wa tatu ana macho ya wa kwanza na hasira za wa pili. Katika Uchunguzi wa Kifalsafa, kitabu kilichotoka mwaka 1953, miaka miwili baada ya kifo chake, analinganisha dhana na kamba. Nguvu yake haitokani na unyuzi mmoja uliopita kutoka mwanzo hadi mwisho, bali na nyuzi nyingi fupi zilizopishana.

"Lakini si tunaweza kusema kilicho cha pamoja ni kuwa na sifa hii AU ile AU ile nyingine?"

Unaweza. Alikwisha kukujibu: ni kuchezea maneno. Ni sawa na kusema kuna kitu kimoja kinachopita kamba nzima, nacho ni kule kupishana kwa nyuzi.

"Kwa hiyo neno 'mchezo' halina maana?"

Hapana! Nani kasema hivyo? Neno lisilo na mpaka mkali hutumika vizuri tu. Nikikuonyesha kwa kidole na kusema "simama pale karibu", utasimama pale karibu, hutaniomba vipimo. Watu walipima umbali kwa hatua kabla mtu yeyote hajaamua kwamba hatua moja ni sentimita 75. Akishaamua, amechora mpaka kwa shughuli yake, na ni haki yake. Kosa ni kudai kwamba mpaka huo ulikuwapo siku zote.

Kuna mfano wake mdogo ambao wengi huuruka. Mtu anakuambia, "Wafundishe watoto mchezo fulani." Unawafundisha kucheza kamari kwa dadu. Anarudi na kufoka: "Sikuwa na maana ya mchezo wa namna hiyo!" Anasema kweli, ingawa alipotoa agizo kamari haikumpitia akilini hata mara moja. Maana yake ilimtenga mcheza kamari bila kuwa na orodha iliyomtenga.

"Tatizo si Kijerumani chake tu? Neno alilotumia ni pana mno."

Una hoja nusu. Neno lake linabeba hata uchezaji wa watoto usio na kanuni, na letu ni pana zaidi: ngoma huchezwa, tamthilia ni mchezo wa kuigiza, na jino lililolegea nalo linacheza. Lakini jino si mwanafamilia, limebeba jina tu. Unajuaje? Nikikuambia jino langu linacheza, huniulizi linacheza nini wala na nani. Yatoe yote ya namna hiyo, kisha tazama waliobaki: sataranji, kete, mpira wa ukutani, watoto wanaozunguka wameshikana mikono. Tatizo bado limekaa palepale.

"Mwanafalsafa Bernard Suits alitoa fasili ya mchezo mwaka 1978. Mbona mnamkwepa?"

Simkwepi, ndiye mpinzani ninayemheshimu kuliko wote. Kwa ufupi anasema kucheza mchezo ni kujitolea kupambana na vikwazo visivyo vya lazima. Mtazame mchezaji wa gofu. Kama shida ni mpira kuingia shimoni, si auchukue kwa mkono akautumbukize? Hafanyi hivyo. Anakubali kanuni inayomkataza njia nyepesi, kwa sababu bila kanuni hiyo hakuna gofu. Fasili hii inaikamata sataranji, inazikamata mbio, na inaiacha kesi ya mahakamani nje, kwa kuwa vikwazo vya mahakamani havikuwekwa ili watu wapate cha kupambana nacho.

Inakwama wapi? Kwenye nyoka na ngazi. Unarusha dadu, unasogeza kete, basi. Unapambana na kikwazo gani? Inakwama pia kwa watoto wanaojifanya madaktari. Ukisema hao wanacheza tu bila kuwa na mchezo, nadhani umechora mpaka, hujaugundua. Hata hivyo Suits anatukumbusha jambo ambalo mashabiki wa Wittgenstein hulisahau. Wittgenstein alisema "usifikiri, tazama"; hilo ni agizo, na atakayetazama vizuri zaidi anaweza kesho kuleta fasili inayosimama. Kushindwa kwa fasili kumi si uthibitisho kwamba ya kumi na moja haipo.

"Kila kitu kinafanana na kingine kwa namna fulani. Kwa nini basi kiti si mchezo?"

Hatimaye, swali! Mwanafalsafa Maurice Mandelbaum alilikazia mwaka 1965: watu wawili wanaweza kufanana kama mapacha wasiwe ndugu. Kinachowafanya ndugu ni damu, na damu haionekani usoni. Huenda basi michezo nayo ina "damu" yake, kwa mfano lengo linaloichezesha, isiyoonekana kwa kutazama ubao na mipira. Mfanano peke yake hausemi familia inaishia wapi. Jibu langu ni kwamba mpaka unashikwa na matumizi: tulifundishwa neno kwa mifano, tukasahihishwa, tukaendelea. Kwamba hilo linatosha, siwezi kuapa.

"Je, dhana zote ziko hivi?"

La. Namba tasa ina fasili yake, na hakuna binamu wa namba tasa.